Ukoko wa Nyama Umwagiwe Maji Kabla Haujaungua

Anayekaanga nyama ya ng'ombe kwa ajili ya mchuzi anaijua hali hii: fungu la kwanza limepata rangi nzuri, la pili linaingia, na linapotoka la tatu chini ya sufuria pameshakuwa peusi. Vitunguu vinatiwa hivyo hivyo, nyanya zinafuata, na mchuzi unaiva ukiwa na uchungu usioondoka hata kwa sukari wala kwa nyanya ya kopo. Lawama hupewa jiko, au sufuria nyepesi. Mara nyingi kilichokosekana ni maji nusu kikombe, yaliyotakiwa kuingia dakika kumi mapema.

Ule ukoko wa kahawia unaoganda chini haukuwa kosa. Nyama inapogusa chuma cha moto hutoa majimaji yenye protini na sukari kidogo. Maji yake hukauka, na kinachobaki hushika chini na kuanza kubadilika rangi, harufu na ladha. Mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza mwaka 1912 jinsi sukari na viini vya protini vinavyoungana kwenye joto, na mabadiliko hayo yanaitwa kwa jina lake hadi leo. Huenda kwa kasi joto likifika karibu nyuzi 140. Ndiyo maana nyama iliyochemshwa tu hubaki ya kijivu: maji hayapandi zaidi ya nyuzi 100, hata moto uwe mkali namna gani.

Hapo ndipo maji yanapopata kazi mbili kwa wakati mmoja. Ukoko huo huyeyuka kwenye maji ingawa hauyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo kuongeza mafuta ili "usishike" hakubandui kitu. Pia, maji yakishaingia, joto la chini ya sufuria hushuka ghafla na ukoko huacha kuelekea kwenye kuungua. Wapishi wa Kifaransa wamejenga michuzi mingi juu ya jambo hili, wakitumia supu ya mifupa au mvinyo. Supu huongeza ladha yake, lakini kwa kubandua, maji ya kawaida yanatosha kabisa.

Chukua kilo 1 ya nyama isiyo na mfupa, iliyokatwa vipande vya sentimita 3 hivi, na sufuria yenye upana wa sentimita 28. Nyama ikaushwe kwa kitambaa safi, kwa sababu nyama yenye maji hutokota kabla ya kukaangika. Igawanywe mafungu matatu. Ikirundikwa yote mara moja, itatoa majimaji mengi kuliko moto unavyoweza kuyakausha, na ukoko hautaonekana mpaka maji hayo yaishe.

Mafuta vijiko viwili vya chakula yapate moto, fungu la kwanza liingie, kisha liachwe bila kuguswa dakika tatu au nne. Hili huwashinda wengi, maana mkono wa mpishi una haraka ya kugeuza. Kipande kilichoiva upande mmoja hujiachia chenyewe, kikigoma, bado. Kikishageuzwa na kupata rangi pande zote, nyama itolewe na moto upunguzwe.

Sasa mpishi atazame chini ya sufuria kabla ya kutia fungu la pili. Kama ukoko una rangi ya kahawia ya dhahabu na ni mwembamba, fungu la pili linaweza kuingia. Kama umeshafanana na kahawa iliyokaangwa, huo si wa kusubiri tena. Mafuta yaliyozidi kijiko kimoja yamiminwe pembeni, sufuria iepuliwe kwa muda mfupi, na nusu kikombe cha maji ya moto kimiminwe taratibu, uso ukiwa mbali na mvuke. Maji ya baridi hubandua pia, ila hurusha mafuta zaidi, na kikaango chembamba kinaweza kujikunja chini kwa kupoa ghafla.

Maji yatachemka papo hapo. Mwiko wa mbao wenye ncha bapa ukwangue chini na kwenye kona kwa nusu dakika hivi, na ukoko utaachia karibu wote. Kilichopatikana kimiminwe kwenye bakuli, sufuria ipanguswe, mafuta mapya yatiwe, na fungu linalofuata lianze kwenye chuma kisafi. Kwa njia hii ladha ya fungu la kwanza inakuwa imeshawekwa salama bakulini, haikai motoni kungoja wenzake.

Kabla ya kuhifadhi maji hayo, yaonjwe. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea na ladha ya nyama choma, ni mali. Yakiwa na chembe nyeusi zinazoelea na uchungu unaobaki ulimini, yamwagwe na sufuria ioshwe. Inauma kumwaga, lakini kijiko kimoja cha masizi huharibu mchuzi wa watu wanane.

Baada ya fungu la mwisho vitunguu huingia, na navyo hubandua kidogo kwa maji yao wenyewe, hasa vikitiwa chumvi mapema. Vikianza kushika, hutiwa vijiko viwili vya maji, vikakwanguliwa, vikaachwa vishike tena, na kurudia hivyo mpaka vipate rangi. Wapishi wa pilau wa pwani hufanya jambo la karibu na hili: vitunguu hukaangwa mpaka viwe vya kahawia, tangawizi na thomu hufuata, na zikitaka kuganda hunyunyiziwa supu ya nyama iliyochemshwa kando. Sehemu kubwa ya rangi ya pilau hutoka hapo, na pilau jeupe mara nyingi ni la mpishi aliyeogopa kitunguu kuiva.

Viungo vya unga kama bizari, manjano na jira huungua upesi kuliko kitunguu, hivyo ni salama zaidi viingie chini pakiwa na unyevu kidogo. Nyanya hufuata. Zenyewe zina maji mengi kiasi kwamba hubandua kilichobaki, na wengi wamekuwa wakibandua ukoko kwa nyanya miaka yote bila kukusudia. Tatizo ni kuchelewa: nyanya haiwezi kuokoa kilichokwisha kuungua tangu fungu la pili la nyama.

Nyama na maji ya bakuli hurudishwa sufuriani, maji yanaongezwa yafunike nyama, na moto mdogo unamaliza kazi kwa saa moja na nusu au zaidi, kutegemea ugumu wa nyama. Chumvi ikamilishwe mwishoni. Mchuzi ukipungua kwa nusu, chumvi yote inabaki humo humo, na supu ya vidonge ina chumvi nyingi tangu mwanzo.

Vyombo navyo vina tabia zao. Kikaango kisichoshika hakiachi ukoko wa maana, kwa hiyo hakuna cha kubandua. Chuma kizito hutunza joto hata baada ya kuepuliwa, na mpishi anatakiwa kutia maji mapema kidogo. Sufuria nyepesi ya alumini, iliyojaa majikoni mwetu, hupata moto kwa madoa: katikati, juu ya ndimi za jiko la gesi, panaweza kuwa peusi huku pembeni kukiwa bado kweupe. Kwa sufuria ya aina hiyo, ni bora kuizungusha juu ya jiko kila baada ya dakika mbili, na kuamua wakati wa kutia maji kwa kutazama katikati.