Suratul Fil: Kisa Ambacho Makka Ilikwisha Kukijua

Suratul Fil ina aya 5 tu, na watoto wa chuoni huihifadhi mapema. Lakini ukiisoma bila kujua kisa chake utakwama. Haimtaji Abraha, haitaji Yemen wala Makka, wala haisemi jeshi lile lilifuata nini. Inamuuliza Mtume (S.A.W.) kama hakuona Mola wake alivyowatenda watu wa ndovu, kisha inaingia kwenye maangamizi yao: ndege makundi kwa makundi, vijiwe vya udongo mgumu, na jeshi lililobaki kama majani yaliyotafunwa.

Yaliyobaki yamo katika vitabu vya sira. Abraha, Mhabeshi Mkristo aliyeitawala Yemen, alijenga kanisa kubwa Sanaa ili Waarabu wahiji huko. Mwarabu mmoja alipolinajisi, Abraha akaapa kuibomoa Al-Kaaba, akatoka na jeshi lenye ndovu aitwaye Mahmud. Karibu na Makka, askari wake waliteka ngamia 200 wa Abdul-Muttalib, babu yake Mtume. Mzee akaenda kambini kuwadai. Abraha alishangaa: mbona anataja ngamia, haombi Nyumba ya wazee wake isalimike? Akajibiwa kwamba yeye ni mwenye ngamia, na Nyumba ina Mwenyewe atakayeilinda. Kulipokucha, ndovu akapiga magoti. Wakimwelekeza Yemen anainuka na kukimbia. Wakimrudisha kuelekea Makka, hata wakimpiga, haendi.

Kwa mapokezi mashuhuri, hayo yalitokea mwaka aliozaliwa Mtume, karibu na 570, naye alipewa utume mnamo 610. Kwa hiyo sura iliposomwa Makka, wapo waliokuwa wameyaona kwa macho yao. Hakim bin Hizam, mpwa wa Bibi Khadija, inapokewa kuwa alizaliwa miaka 13 kabla ya tukio. Bibi Aisha naye, aliyezaliwa miaka mingi baadaye, amepokewa akisema aliwaona mwongoza ndovu na mwenzake wakiwa vipofu, wakiomba chakula mjini.

Na asiyewahi kuona alikuwa amekulia ndani ya habari hiyo. Waarabu hawakuwa na hesabu moja ya miaka; watu wa Makka walitaja umri wao kwa kuuhesabu tangu Mwaka wa Ndovu. Kaburi la Abu Righal, aliyemwonyesha Abraha njia akafia Mughammas, wapita njia walilipiga mawe.

Ndiyo maana sura haisimulii. Makureshi walimwita Mtume mshairi, mchawi na mwendawazimu, lakini hakuna mapokezi kwamba walikikanusha kisa hiki. Wangekikanushaje mbele ya wazee wao? Kwangu mimi, uzito wa aya hizi uko hapo. Nyumba ile ilikuwa imejaa masanamu, na bado hakuna aliyedai kwamba sanamu fulani ndilo lililomrudisha Abraha. Sura inayofuata katika Msahafu, Suratu Quraysh, inawataka wamwabudu Mola wa Nyumba hiyo, aliyewalisha na kuwapa amani katika misafara yao ya kusi na kaskazi.