Kushoto kwanza: somo la dakika ishirini juu ya kuvuka balabala

Wandugu, kama siku moja mutaombwa kwenda kuongea na watoto wa shule ya msingi juu ya usalama wa njiani, musifanye kosa nililofanya mimi.

Nilikwenda kwa darasa la tatu, hapa Lubumbashi, na karatasi ya Kiswahili kizuri sana niliyoichapa kwa haraka asubuhi. Nikawasomesha kwa sauti: «Kabla ya kuvuka, tazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena.» Watoto wakarudilia wote pamoja. Halafu katoto kamoja ka kike, ka banki ya mbele, kakainua kidole: «Mwalimu, lakini magari inatokaka huku,» na kakaonyesha kushoto.

Kalikuwa na haki kabisa. Karatasi yangu ilitoka Tanzania. Kule, sawa na Kenya, Uganda na Zambia, magari yanatembea upande wa kushoto wa njia, kwa hiyo gari la kwanza kukufikia linatoka kulia. Kongo ni kinyume: tunatembeza upande wa kulia, sawa na Rwanda na Burundi. Ukiteremka tu kwenye lami, gari lililo karibu nawe linatoka kushoto. Lile la kulia litakukuta ukisha kupita katikati. Aliyefika Kasumbalesa anaelewa: kamiyo ile ile inayotoka Zambia upande wa kushoto inabadilisha upande inapoingia kwetu. Basi karatasi iliyo sawa upande mmoja wa mpaka, upande wa pili inamfundisha mtoto kugeuzia mgongo gari lililo karibu naye. Kwetu ni kushoto, kulia, kushoto tena.

Nilifuta ubao, nikawaomba watoto musamaha, tukatoka nje. Tukachora balabala kwa chaki kwenye uwanja, upana wa metre nane, na kila mtoto akavuka kwa kutembea, siyo kwa kukimbia, wengine wakihesabu. Wengi walitumia segonde nane hivi. Sasa angalieni hesabu hii, maana njo moyo wa somo. Gari la kilometre 40 kwa saa linapita metre 11 kwa segonde moja. Kwa segonde nane litakuwa limemeza karibu metre 90, ni kusema karibu kiwanja kizima cha mpira. Moto inayokimbia 60 itapita zaidi ya metre 130.

Mtoto wa miaka saba au nane hawezi kufanya hesabu hiyo akisimama kando ya njia. Yeye anaangalia kama gari liko mbali au karibu. Mbio yake hajui kuipima vizuri. Ukimwambia «vuka kama gari liko mbali», kwake mbali ni pale kwenye duka la mikate. Kwa hiyo tulimpa alama. Mbele ya ile shule kuna muti mkubwa upande mmoja na nguzo ya umeme upande wa pili. Tulipima kwa hatua, kila moja iko karibu metre 100. Kanuni ikawa nyepesi: kama gari limekwisha kupita muti au nguzo, unangoja. Kama ni moto, unangoja hata kama haijafika pale. Mukienda shule ingine, tafuteni kwanza alama zenu mbele ya kuingia darasani. Bila alama, watoto watabaki na maneno tu.

Halafu kuna hatari moja ambayo karatasi nyingi haziitaji, na mimi naiona kuwa mbaya kupita zote: dereva mwema. Gari linasimama, dereva anampungia mtoto mkono, «pita, pita». Mtoto anafurahi, anakimbia. Lakini nyuma ya lile gari kuna moto ambayo haioni sababu ya kungoja, inachomoka pembeni. Mwenye moto hamuoni mtoto kwa sababu kichwa chake hakizidi boneti. Mtoto haioni moto kwa sababu hiyo hiyo. Tulifanya mchezo: watoto wawili wakawa gari lililosimama, mmoja akawa moto. Anayevuka anatembea mpaka kwenye kona ya gari, anasimama tena, anachungulia kichwa tu, halafu anaendelea. Mara ya kwanza «moto» iliwagonga wanne kati ya watano, na walicheka sana. Mara ya tatu haikumpata mtu. Ni vile vile kwa taxi-bus: ukishuka, usipite mbele yake. Ngoja iondoke, ndipo utaona njia.

Tuje kwa taa. Wimbo wa «nyekundu simama, kijani pita» watoto wote wanaujua, na unaweza kuwadanganya, sababu taa nyingi tunazoziona zinaongea na madereva. Mtoto anaona kijani, anavuka, kumbe ile kijani imewapa ruhusa magari yanayomjia yeye. Swali la kumfundisha ni: taa hii inaongea na nani? Kama kuna ile ndogo yenye picha ya mtu, hiyo njo yake. Kama haiko, anatafuta taa inayoangalia magari ya njia anayotaka kuvuka. Ikiwa nyekundu kwa magari hayo, na magari yamekwisha kusimama kweli, hapo anaweza kwenda. Ile ya rangi ya chungwa inakaa segonde chache tu, na madereva wengi wanaongeza mwendo wanapoiona. Kwa mtoto ni sawa na kusema: baki pale uliko.

Hata hapo haijaisha. Wakati njia yako imefungwa kwa nyekundu, ile ingine inayokwenda sambamba nawe iko na kijani, na magari yake yanaweza kukata kona na kuingia pale pale unapovukia. Mengine yanatokea nyuma ya bega lako. Sheria inawaomba wakuachie nafasi; wengine wanaachia, wengine apana. Kwa hiyo mtoto anageuza kichwa nyuma pia kabla ya kuteremka.

Mvulana mmoja akauliza juu ya robo. Alikuwa ameiona katika video: yale marobo makubwa ya kuongoza magari ambayo mhandisi Thérèse Izay na wenzake walianza kuweka Kinshasa mwaka 2013. Nikamwambia kanuni ni ile ile, unaangalia inaonyesha nyekundu kwa nani. Yanatumia nguvu ya jua, kwa hiyo umeme ukikatika yenyewe hayazimi.

«Na taa zetu zikizima?»

Swali la mtoto wa Lubumbashi kweli. Taa ikizima, pale panakuwa njia kama njia ingine: kushoto, kulia, kushoto, na muti na nguzo. Kama polisi wa PCR amesimama katikati, mkono wake unapita taa, hata ikiwa inawaka kijani. Akinyoosha mikono pembeni, magari yanayoangalia kifua chake au mgongo wake yanasimama. Mtoto anavuka mbele ya hayo, akisha kuona magurudumu hayazunguki tena.

Kengele ikalia. Walitoka wakisukumana kama kawaida, na kale katoto ka banki ya mbele kakasimama mlangoni kuniuliza kama ile karatasi yangu nitaiweka wapi. Nikakapa. Kakachukua bic, kakakata «kulia», kakaandika «kushoto», kakanirudishia.