Tufe, simu na fimbo ya mita: unajuaje kasi uliyopata si uongo?

Ukishuka Garsen, kwenye barabara ya Malindi kwenda Lamu, utaona ardhi tambarare mpaka macho yachoke. Kwa somo la fizikia hiyo ni bahati. Unataka uwanja usio na mteremko, jua kali na mtu mwenye mkono mzuri wa kurusha. Jua ni muhimu kuliko unavyodhani. Jioni simu huacha kila fremu ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi, na mpira unatoka kama mkia wa moshi. Saa nne asubuhi unatoka duara safi.

Mpira gani? Wengi hukimbilia mpira wa miguu au ule wa makaratasi. Hewa inaibania sana mipira myepesi, na hesabu inaharibika. Chukua tufe la riadha. Ni zito, upepo hauliwezi.

Simama kando, mita 10 kutoka kwenye njia ya tufe, simu ikiwa imelala kwa upana na imetulia juu ya kitu. Usiishike mkononi, na usiizungushe kufuata tufe. Ndani ya picha weka fimbo ya mita moja, na uzi wenye jiwe, kama timazi ya fundi, ili ujue wima ni wapi. Halafu rekodi.

Simu nyingi hupiga fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu ya tatu ni sehemu ya kumi ya sekunde. Ukiwa na kompyuta, programu ya Tracker ni ya bure na itakusaidia kuweka alama. Kama huna, bandika karatasi ya plastiki angavu juu ya kioo cha simu, sogeza video fremu kwa fremu, na weka nukta kwa kalamu. Fimbo ya mita itakuambia kila sentimita ya kioo ni ngapi uwanjani.

Tuseme nukta zimetoka hivi. Kwa mlalo, tufe linasonga sentimita 70 kila hatua, bila kubadilika. Kwa wima linapanda 55, kisha 45, kisha 35 na kidogo, kisha 26. Kila hatua inapungua kama sentimita 10 hivi. Huo ndio mvutano wa dunia unaouona kwa macho: mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde.

Mlalo ni rahisi: sentimita 70 kwa sehemu ya kumi ya sekunde ni mita 7 kwa sekunde. Wima kuna mtego. Ile 55 ni wastani wa hatua nzima, yaani kasi ya katikati ya hatua, si ya mwanzo. Rudi nyuma nusu hatua na uongeze 0.49. Unapata mita 6 kwa sekunde.

```
kasi = √(7² + 6²) = 9.2 m/s
tan(pembe) = 6/7, pembe = 41°
```

Sasa ndipo watu wengi hudanganyika. Tuseme mlilaza fimbo mita 2 karibu zaidi na simu kuliko njia ya tufe, ili isikanyagwe. Kwenye picha itaonekana ndefu kuliko inavyostahili, na kila umbali wa tufe utatoka mdogo kwa asilimia 20. Kasi itakuwa 7.4. Hakuna kitakachopiga kelele, namba inaonekana poa kabisa. Pembe nayo itabaki 41 ile ile, kwa sababu mlalo na wima vimepungua sawasawa. Utajiamini bure.

Kitakachokuumbua ni ule upungufu wa wima. Badala ya karibu sentimita 10 kwa kila hatua utaona karibu 8, na dunia haijapunguza mvutano kwa sababu mko Garsen. (Karibu na ikweta ni 9.78 hivi, tofauti ambayo simu haiwezi kuiona.) Kwa hiyo kabla ya kuandika kasi, pima kwanza mvutano. Ukipata 7.8, angalia fimbo. Ukipata kitu kama 0.6, basi video ilirekodiwa kwa mwendo wa polepole, fremu 120, nawe ukaihesabu kama 30. Hatua za wima zikiruka-ruka bila mpango, pengine fremu zimepotea. Hutokea video ikitumwa WhatsApp na kubanwa. Itume kama dokumenti au tumia kebo.

Pembe ina adui wake: simu iliyoinama. Nyuzi 3 za kuinama ni nyuzi 3 za kosa, na mvutano hautakuambia kwa urahisi. Ndiyo maana ya ule uzi na jiwe.

Mwisho chukua futi ya kupimia. Kama tufe liliachwa mkononi likiwa mita 1.8 juu ya ardhi, kasi hiyo na pembe hiyo zinalitua karibu mita 10.3 mbele ya mkono. Tia alama lilipoanguka kabla mtu mwingine hajarusha.