Kiti Kwanza, Injini Baadaye

Mnunuzi akifika kwenye yadi ya magari yaliyotumika Japani, iwe Dar es Salaam au Mombasa, kwa kawaida huomba afunguliwe boneti. Mwenye maumivu ya kiuno yasiyokwisha aombe kwanza kukaa kwenye kiti cha dereva. Injini ina fundi wa kuitengeneza, lakini kiti kisichoendana na umbo lako utakaa nacho miaka yote utakayomiliki gari hilo.

Tunapoketi, nyonga huelekea nyuma na ule mbonyeo wa asili wa kiuno hupotea. Diski zilizo kati ya pingili za mgongo hubanwa kwa mbele. Katika miaka ya 1960 daktari wa mifupa wa Uswidi, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya diski za watu walio hai, akaona kwamba kuketi bila kuegemea huzikandamiza kuliko kusimama. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba shinikizo hupungua egemeo likilazwa kidogo nyuma na kiuno kikipata kitu cha kukishikilia. Garini huongezeka mtikisiko. Mwili wa mtu aliyeketi hutikisika zaidi kwenye mitikisiko ya kama mara tano kwa sekunde, na barabara mbovu hutoa mingi ya namna hiyo.

Ndiyo maana kiti laini kama sofa hudanganya. Dakika tano za kwanza ni raha tupu, kisha nyonga inazama na kiuno kinapinda. Kiti kizuri huhisi kigumu kidogo. Kwenye gari lililotumika, bonyeza sponji ya kiti cha dereva kwa ngumi, kisha ya kiti cha abiria wa mbele. Cha dereva kikizama zaidi, au kikiwa kimelala upande wa mlangoni, kimechoka, na kitaiweka nyonga yako mshazari kila safari.

Sasa chukua dereva wa kimo cha sentimita 158 anayelipima gari dogo la chini. Anasukuma makalio hadi mwisho wa kiti, kisha anasogeza kiti mbele mpaka aweze kukanyaga breki hadi chini huku goti likibaki limekunjika kidogo. Anaangalia nyuma ya goti: vidole viwili au vitatu vipite kati yake na ukingo wa kiti. Visipopita, kalio refu la kiti litamvuta mbele, na kiuno kitaachana na egemeo. Analaza egemeo kidogo tu, pembe ya nyuzi 100 hadi 110 hivi. Mwisho ananyoosha mkono juu ya usukani bila kunyanyua bega kutoka kwenye egemeo. Kifundo cha mkono kinapaswa kufika juu ya usukani.

Hapa ndipo magari mengi ya bei nafuu hushindwa. Usukani hupanda na kushuka, lakini hausogei mbele wala nyuma. Dereva mfupi aliyesogea kufuata pedali hujikuta kifua kimeukaribia mno mfuko wa hewa, ambao unahitaji nafasi ya kama sentimita 25. Mrefu naye, miguu ikishapata nafasi, huinama kuufikia usukani na kuliacha egemeo. Kwa mgonjwa wa kiuno, mimi ningelipa zaidi kupata usukani unaosogea pande zote nne kabla ya kulipia viti vya ngozi. Mto mdogo unaweza kusaidia kiuno kwenye gari lolote. Usukani usiosogea hauna dawa rahisi.

Kimo cha kiti nacho kina uzito. Simama kando ya mlango uliofunguliwa: kiti kikiwa karibu na usawa wa makalio yako, utaingia kwa kuketi tu, kisha utageuza miguu yote miwili pamoja. Gari la chini hukulazimisha kujidondosha na kujinyanyua huku umejipinda, nalo gari la juu sana hukupandisha kwa mguu mmoja. Lakini gari lililoinuka si lazima liwe na mwendo laini. Angalia matairi: yenye ubavu mwembamba hupitisha kila shimo hadi mgongoni.

Wanaoagiza mtandaoni hulipa kabla ya kukaa. Watafute mtu mwenye modeli na toleo lilelile, au wakodi moja kwa siku nzima, waiendeshe kwenye foleni na kwenye matuta. Mzunguko wa dakika kumi wa yadi hautoshi, kwa sababu maumivu ya kiuno mara nyingi huja jioni au kesho yake asubuhi, unapoinama kuvaa viatu. Malipo ya awali yasubiri asubuhi hiyo ipite.