Mkakamao wa Usiku na Kishawishi cha Kwinini

Mkakamao wa usiku ni hali ya misuli ya mguu, hasa ile ya shavu la mguu, kujikaza ghafla bila hiari ya mwenyewe, ikawa ngumu kama jiwe chini ya ngozi kwa sekunde chache au dakika kadhaa, kisha ikalegea na kuacha maumivu yanayoweza kudumu hadi asubuhi. Chanzo chake cha karibu ni neva za mwendo, yaani zile zinazopeleka amri kutoka uti wa mgongo hadi kwenye msuli, ambazo huanza kurusha amri mfululizo wakati msuli umekwisha kufupika; na msuli wa shavu la mguu hufupika kwa urahisi kitandani, kwa sababu mtu aliyelala huelekea kunyoosha vidole vya miguu chini.

Katika Uvira, mji uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, ambako kipindupindu kimekuwa kikirudi kwa miongo mingi, upungufu wa maji mwilini ndio unaodhaniwa kwanza, na dhana hiyo ina msingi. Mgonjwa wa kipindupindu hupoteza maji pamoja na sodiamu na potasiamu, yaani chumvi zinazotuliza umeme wa neva na misuli, na mikakamao yake huwa mikali sana. Lakini humjia mchana na usiku, ikiambatana na kuhara maji yanayofanana na ya kuoshea mchele, naye huhitaji kituo cha tiba mara moja. Mzee anayeamshwa saa nane za usiku na mguu mmoja, ilhali mkojo wake ni mweupe na hana kiu, hana sababu ya kuulaumu upungufu wa maji.

Magnesiamu nayo husifiwa kupita kiasi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesiamu nyingi kuliko ya maziwa mengi, takriban miligramu 40 kwa lita, hivi kwamba lita 2 humpa mtu kama robo ya mahitaji yake ya siku, ingawa kuyanywa bila kuyatibu ni kuhatarisha uhai. Hata hivyo, mapitio ya tafiti ya Cochrane ya 2020 yalionyesha kwamba kwa wazee, kuongeza magnesiamu hakuelekei kupunguza mikakamao kwa kiasi cha maana.

Kishawishi kikubwa zaidi ni kwinini, dawa ya malaria ambayo kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimekuwa kikiitengeneza kutokana na magome ya msinkona, na ambayo kwa hiyo si ngeni kwa mtu yeyote wa Kivu. Ni kweli kwamba hupunguza mikakamao kiasi, kwa kuufanya msuli uchelewe kuitikia amri inayofuata. Lakini inaweza pia kuangamiza chembe sahani, zile zinazogandisha damu, au kuvuruga mapigo ya moyo, hata kwa dozi ndogo, na ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya matumizi hayo mwaka 2006 na tena 2010. Kuhatarisha damu na moyo kwa ajili ya maumivu ya dakika chache hakukubaliki.

Uchukuliwe mfano wa mwanamke wa miaka 62 anayeanika ndagala ufukweni, aliyeanza kutumia hidroklorotiazidi, dawa ya shinikizo la damu inayoongeza mkojo, na wiki tatu baadaye akaanza kukakamaa mara nne kwa wiki. Swali la kwanza kwake ni tarehe: je, mikakamao ilitangulia kidonge au ilikifuata? Ikiwa ilikifuata, daktari hupima potasiamu na sodiamu, kisha hupunguza dozi au hubadilisha dawa. Mgonjwa mwenyewe hapaswi kuiacha, kwani shinikizo likipanda huleta madhara makubwa zaidi. Msuli ukikaza, hunyoosha goti na kuvuta vidole vya mguu kuelekea uso hadi uachie. Kila jioni husimama hatua moja kutoka ukutani, kisigino kikiwa chini, na kuegemea mbele. Utafiti wa Uholanzi wa 2012 kwa watu waliozidi miaka 55 uliona kwamba kunyoosha misuli kabla ya kulala kwa wiki 6 kulipunguza mikakamao.

Mzunguko mbaya wa damu, unaoweza kudhaniwa kuwa mkakamao, hujitambulisha kwa njia nyingine. Mtu aliyebanwa mishipa ya ateri huumia anapopanda mlima, maumivu yakakoma baada ya dakika chache za kusimama, wala shavu la mguu halifanyi fundo. Ugonjwa ukizidi, mguu huuma hata kitandani, na mgonjwa hupata nafuu kwa kuuning’iniza kando ya kitanda, jambo ambalo halimsaidii mwenye mkakamao. Hapo mpigo wa damu hutafutwa kwa vidole viwili kwenye mgongo wa mguu, katika mstari wa kidole gumba na cha pili. Ukikosekana huku mguu ukiwa baridi kuliko wa pili, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.