Nyota za Mchana, Nyota za Usiku

Katika unajimu wa kale, kabla ya kusoma chochote, mnajimu hutazama Jua liko wapi kwenye chati ya mzaliwa. Likiwa juu ya upeo wa macho, chati ni ya mchana. Likiwa chini, ni ya usiku. Mchana kiongozi ni Jua, na wenzake ni Mushtari na Zohali. Usiku huongoza Mwezi, pamoja na Zuhura na Mirihi. Utaridi hufuata upande wowote.

Kwangu, uzuri wa mfumo huu uko kwa sayari mbili za nuksi. Tolemi wa Aleksandria, karne ya 2, alieleza kwamba Zohali ni baridi, hivyo joto la mchana humpoza ukali. Mirihi ni mkavu na moto, naye hutulizwa na unyevu wa usiku.

Chukua mtoto aliyezaliwa saa nane mchana. Zohali wake husomwa kama subira na kazi ndefu, ilhali Mirihi ndiye wa kuogopwa. Angezaliwa saa nane usiku, hofu ingehamia kwa Zohali.

Ugumu huja alfajiri: saa ya kuzaliwa ikikosewa kwa dakika chache tu, kundi zima hugeuka.