Nani Alimkopesha Nani?

Barua ilikuwa ya nusu ukurasa. Iliandikwa Asumbi, ile ya misheni, ya shule ya wasichana na chuo cha walimu. Waandishi walikuwa kikundi cha akina mama wanaosaga njugu na kuuza siagi yake kwenye masoko ya kutoka Rongo hadi Homa Bay. Ilikwenda kwa kikundi kama chao kule Bukavu, ambako shughuli za ofisi huendeshwa kwa Kifaransa. Jibu lilirudi na swali moja tu: ninyi ndio mliokopesha, au mliokopa?

Katibu wa kikundi alisoma Kifaransa sekondari, akakifanyia mtihani wa kidato cha nne. Aliniletea barua zote mbili. “Mwalimu, nimetafuta kosa mpaka nimechoka,” akasema. Hakuna aliloliona kwa sababu kosa la sarufi halikuwepo. Aliandika: *Nous avons fait un prêt de 60 000 shillings.* Tumefanya mkopo wa shilingi 60,000.

Kifaransa cha maandishi hutenganisha pande mbili za mkopo. *Prêt* ni mkopo ukiutazama kwa jicho la anayetoa. *Emprunt* ni uleule kwa jicho la anayepokea. Mtaani, hata Mfaransa aliyekopa benki husema ana *prêt*, na *faire un prêt* utaisikia kutoka kwa mkopeshaji na kutoka kwa mkopaji. Uso kwa uso haidhuru, maana msikilizaji anakujua hali. Msomaji wa Bukavu hana ila karatasi. Akina mama walikuwa wamekopa, kwa hiyo sentensi yao ilipaswa kuwa *Nous avons contracté un emprunt*. Wangekuwa wamekopesha, wangeandika *Nous avons accordé un prêt*. Sisi tunaotumia Kiswahili tusicheke: kama kopa na kopesha zisingekuwepo, nasi tungekuwa tunafanya mkopo na kuulizana vivyo hivyo.

Mwalimu wa Kifaransa humwambia mwanafunzi aepuke *faire*, *mettre* na *chose*, yaani fanya, weka na kitu, kwa sababu ni maneno maskini. Mimi sikubaliani na sababu hiyo. Umaskini wa maneno ni suala la urembo, na barua ya kikundi cha kusaga njugu haihitaji urembo. Shida ya maneno haya ni kwamba yanaficha habari. *Faire* husema jambo lilitendeka, lakini halisemi ulisimama upande gani wa tendo. Kijaluo kina *timo* na *keto*, Kiswahili kina fanya na weka, Kiingereza nacho kina yake. Anayefikiri kwa lugha hizo tatu huyabeba moja kwa moja hadi kwenye Kifaransa, na sarufi haimzuii.

Mfano wa pili ulikuwa mistari miwili chini: *Six membres ont fait une formation.* Je, wanachama sita walifundishwa, au walifundisha? Kwa Kifaransa cha kila siku yote mawili yanawezekana. Walifundishwa, basi *ont suivi une formation*. Wangekuwa wakufunzi, *ont assuré une formation*. Na kama walikodi ukumbi tu na kuwaita watu, *ont organisé une formation*. Hayo ni matendo matatu tofauti, na kila moja lina gharama yake.

Kisha ikaja pesa: *Nous avons mis 20 000 shillings dans la machine.* Tumeweka shilingi 20,000 kwenye mashine. Nilimwuliza pesa ziko wapi. Akaeleza kuwa ziko benki bado, ila mkutano umeamua kuwa ni za mashine, zisiguswe. Kumbe neno lake ni *affecter*, kutenga fedha kwa kazi fulani: *Nous avons affecté 20 000 shillings à l’achat de la machine.* Angeandika *versé*, msomaji angejua zimeshalipwa kwenye akaunti fulani. Angeandika *investi*, angejua zimekwishatumika, na mashine ipo. *Mis* iliwaacha watu wa Bukavu wakidhani mashine inanguruma.

*Chose* ina tabia nyingine. Aliandika *plusieurs choses ne marchent pas*, mambo kadhaa hayaendi. Wengi hapa hukimbilia *éléments* au *aspects*, maneno yanayovaa tai lakini hayasemi zaidi ya *chose*. Dawa ni kuyahesabu hayo mambo. Alipoyahesabu yalikuwa mawili, bei ya chupa na nauli, na *chose* ikakosa pa kukaa: *Le prix des bocaux et le coût du transport réduisent notre bénéfice.* Bei ya chupa na gharama ya usafiri zinapunguza faida yetu. (Mahakamani *chose* ni neno kamili kabisa: *la chose jugée* ni shauri lililokwisha kuamuliwa, na ole wake wakili atakayelipamba.)

Hapo katibu akashika kalamu nyekundu na kuanza kufuta kila *faire* aliyoiona. Nikamzuia kwenye sentensi moja: *Nous avons fait réparer le moulin.* Yeye alitaka ibaki *Nous avons réparé le moulin*. Lakini *faire* ikitangulia kitenzi kingine hufanya kazi ya kiambishi chetu cha kusababisha, kama kula na kulisha, kunywa na kunywesha. *Fait réparer* maana yake mlimwita fundi. *Réparé* maana yake mlitengeneza kwa mikono yenu. Ukiifuta *faire* hapo, fundi anatoweka, na mkaguzi wa hesabu atashangaa kuona risiti yake.

Hatari ya pili ni kubadilisha *faire* zote kwa neno moja lenye sauti ya ofisi. Kipenzi cha wengi ni *effectuer*. Linafaa kwa malipo, safari au upimaji: *effectuer un paiement* ni sawa kabisa. Lakini *effectuer un rapport* inamkwaruza msomaji sikio. Ripoti huandikwa, *rédiger*, kisha hukabidhiwa, *remettre*. Mkutano hufanyika kwa *tenir*, orodha kwa *dresser*, ankara kwa *établir*, agizo la bidhaa kwa *passer*. Mara nyingine kitenzi kimejificha ndani ya nomino: *faire une vérification* ni *vérifier* tu.

Jozi hizi hazikisiwi. Huenda kwa mazoea, kama sisi tunavyopiga pasi na kupiga picha bila kumpiga mtu. Kosa la wanafunzi wangu ni kufungua kamusi kwenye *faire*, ambako hukutana na kurasa za maana na kupotea. Fungua kwenye nomino. Tafuta *emprunt*, na mifano iliyo chini yake itakuonyesha vitenzi vinavyokaa nayo. Jacques Beauchesne wa Kanada alitunga kamusi nzima kwa mpango huo, *Dictionnaire des cooccurrences*: unaanza na nomino, unapewa vitenzi na vivumishi vyake. Haikufafanulii tofauti ya kimoja na kingine, kwa hiyo kazi ya kuchagua inabaki kwako, wewe unayejua kama pesa zilitoka au ziliingia.

Tuliandika barua upya jioni hiyo, ikaongezeka mistari miwili tu. Mwishoni katibu alikuwa amefunga kwa *Nous vous prions de nous faire part de vos observations*, tunaomba mtujulishe maoni yenu, na kalamu nyekundu ikarudi hewani. Ile *faire* nikamwambia aiache: imeshikana na *part* kama piga na pasi.